“Salio” kwenye ujumbe wa kupokea fedha: ni la nani?

Muuza mbao wa Mafinga amelipwa fedha nyingi mkononi. Akimaliza kuhesabu, anamtumia mteja ujumbe: “Nimepokea 4m taslimu ya mbao. Salio lako 2.3m. Asante.” Yeye anajua alichomaanisha. Bei ilikuwa mbao 700 kwa shilingi 9,000, yaani 6,300,000, kwa hiyo bado anadai 2,300,000.

Sasa usome kama mteja. Neno salio limetoka kwenye kusalia, na maana yake ni kilichobaki tu. Halisemi kimebaki kwa nani. Tena simu zimetuzoesha: kila ukituma pesa unaambiwa “salio lako ni” kiasi fulani, na hizo ni fedha zako mwenyewe. Mteja aliyechukua lori moja tu la mbao anaweza kuusoma ujumbe ule kwamba ana akiba ya 2,300,000 kwa muuzaji. Miezi miwili baadaye, kila mmoja anamwonyesha mwenzake ujumbe uleule kama ushahidi.

Dawa iko kwenye kitenzi. Andika “nakudai”. Na- ni mimi, -ku- ni wewe. Hapo hakuna wa kugeuza. Kama mteja ndiye aliyezidisha, andika “unanidai”.

Taslimu nayo ina mawili. Wengine huitumia kwa noti zilizotoka mkono hadi mkono, wengine kwa malipo yoyote yasiyo ya mkopo, hata yaliyopita kwenye simu. Kama ni noti, sema “noti, mkononi”, na kama zililetwa na mtu, mtaje. Ujumbe wa muuzaji wetu ungekuwa hivi:

“Leo 12 Machi nimepokea kwako noti, shilingi 4,000,000 (milioni nne), kwa mkono wa dereva wako. Ni sehemu ya malipo ya mbao 700, bei yote 6,300,000. Nakudai 2,300,000. Umechukua mbao 400, zako 300 ziko stoo kwangu. Nijibu kama ni sawa.”

Ni mrefu, ndiyo. Lakini umetenga hesabu mbili ambazo “salio” lilizichanganya: fedha zilizobaki kwa mteja na mbao zilizobaki kwa muuzaji. Jibu la “sawa” lina uzito wake, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hii kupokelewa mahakamani Tanzania kama ushahidi. Hauchukui nafasi ya risiti ya mashine ya TRA kwa mfanyabiashara anayetakiwa kuitoa.

Na “tumemalizana” usiliandike kwa adabu tu, wakati deni bado lipo. Mteja ataliamini kama lilivyo.