Nani atashika kalamu? Kusoma muhtasari wa mpango wa urithishanaji madaraka

Muhtasari wa mpango wa urithishanaji madaraka huwa ni jedwali la ukurasa mmoja au miwili: cheo, aliyepo, tarehe ya kuondoka, warithi watarajiwa, kiwango cha utayari wa kila mmoja na hatua za kumwendeleza. Kwa miaka niliyofanya kazi ya rasilimaliwatu, nimeona safu ya utayari ndiyo inayojazwa kwa haraka kuliko zote. Mtu ni mchapakazi, basi anaandikiwa “tayari sasa.” Lakini uchapakazi unahusu kazi aliyonayo leo. Utayari unahusu kazi ambayo bado hajaishika.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mamlaka ya maji nchini Tanzania. Meneja wa Fedha atatimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, baada ya miezi 26. Viwango vinavyotumika ni vitatu: tayari sasa, tayari ndani ya mwaka 1 hadi 2, na tayari baada ya miaka 3 hadi 5.

Mrithi wa kwanza ni mhasibu mwandamizi. Ana CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, amekaimu nafasi hiyo mara mbili, na mara zote mbili mishahara ilitoka kwa wakati na wakaguzi wa nje walijibiwa. Anastahili “tayari sasa” bila ubishi, ila ana umri wa miaka 57 na miezi 4. Meneja atakapoondoka, yeye atakuwa amebakiza miezi 6 tu. Jina lake linafaa kuziba pengo la ghafla, meneja akiugua kesho, lakini halifai kuwa jibu la kustaafu kwa meneja. Kwa hiyo hatua yake isiwe kozi ya uongozi. Apewe kazi ya kurithisha anachokijua: mikataba ya mikopo, mazungumzo na benki, na madeni ya wateja wakubwa wa taasisi.

Hapo macho yote yanahamia kwa wa pili, mkaguzi wa ndani mwenye miaka 44. Naye ana CPA na anazijua hoja za ukaguzi kwa undani. Amepewa “mwaka 1 hadi 2,” na sababu iandikwe waziwazi: hajawahi kuamua nani alipwe kwanza fedha zinapokuwa hazitoshi, bili ya umeme wa pampu au msambazaji wa dawa za kutibu maji. Ukaguzi humfundisha mtu kuuliza kwa nini malipo yalifanyika. Uamuzi wenyewe wa kulipa haumfundishi.

Hatua ya maendeleo izibe pengo hilo na si jingine. Ahamishiwe idara ya fedha aongoze maandalizi ya bajeti hadi mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai 1, kisha asimamie ufungaji wa hesabu za Juni 30, ambazo hupelekwa kwa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ndani ya miezi 3. Meneja anapokwenda likizo yake ya siku 28, amwachie mamlaka kamili ya kuidhinisha malipo. Kuna jambo husahaulika hapa: kwa taratibu za taaluma ya ukaguzi wa ndani, akirudi ukaguzi hataruhusiwa kukagua shughuli alizozisimamia mpaka mwaka upite. Uhamisho huu si wa kujaribia, na mkuu wa ukaguzi atafute mtu wa kujaza nafasi ya mkaguzi huyu kabla hajaondoka.

Wa tatu ni mhasibu wa miaka 33 ambaye hajamaliza CPA. Amewekwa “miaka 3 hadi 5,” na hatua yake ya kwanza ni kumaliza mitihani.

Wote watatu waelezwe kwamba wanaandaliwa, hawajaahidiwa cheo. Uteuzi utafuata utaratibu wake, pamoja na upekuzi. Pia majina yahesabiwe upya kwa kulinganisha vyeo vyote. Niliwahi kupokea muhtasari wenye warithi 12. Nilipofuta majina yaliyojirudia, walibaki watu 5.

Mpango upitiwe kila baada ya miezi 6, na swali liwe ushahidi. Tuseme katika mapitio ya kwanza, taarifa ya mkaguzi wetu inaonyesha amehudhuria semina 2 na vikao 4 vya bodi. Lakini meneja alipokwenda likizo, malipo yote yaliendelea kumfuata kwa simu nyumbani. Kiwango cha mkaguzi kinabaki palepale, na hoja ya kikao inapaswa kumhusu meneja: kwenye safu ya mhusika wa hatua hiyo, andikeni jina lake na tarehe ya likizo ijayo.