Alama za mbu ndani ya chandarua chenye dawa

"Kwa nini naamka na alama za mbu ilhali nalala ndani ya chandarua chenye dawa, na madirisha yana nyavu?"

Tazama kwanza alama zilipo. Zikiwa kwenye viwiko, magoti au vidole vya miguu, yaelekea mbu alikuuma akiwa nje ya chandarua, kwa kuwa ngozi inapogusa chandarua yeye hupenyeza mdomo katika tundu dogo na kunyonya; dawa humdhuru baada ya kutua juu yake, nayo huchukua muda, hasa kwa mbu waliokwisha kujenga usugu. Chukua mfano wa chumba cha Nkuhungu, hapa Dodoma, chenye kitanda cha futi 5 kwa 6, kilichofunikwa kwa chandarua cha futi 4 kwa 6 kwa sababu ndicho kilichokuwapo: kitambaa hukaza, huegemea miguu ya wanaolala, na upindo haufiki chini ya godoro. Hapo tatizo ni kipimo, si dawa.

Alama zikiwa zimetapakaa hadi mgongoni, mbu yumo ndani. Alfajiri, kabla hujainua chandarua, mulika pembe za juu kwa tochi. Aliyeshiba hutua huko, mzito, tumbo likiwa jekundu. Kisha kagua upande wa chini unaosuguana na mbao za kitanda, maana matundu mengi huanzia hapo, uyashone kwa uzi wa kawaida. Ukiona alama zimejipanga mstari, pamoja na madoa ya damu kwenye shuka, huenda ni kunguni, ambao tayari wanaishi kitandani na chandarua hakiwazuii.

Nyavu za dirishani nazo zina kikomo: katika nyumba isiyo na dari, mbu hupita kwenye mwanya ulioachwa kati ya ukuta na bati. Wanaosumbua Dodoma hata kiangazi, madimbwi yakiwa yamekauka, mara nyingi ni mbu wa aina ya kuleksi wanaozaliana kwenye makaro na vyoo vya shimo, hivyo kipande cha wavu juu ya bomba la hewa la choo husaidia kuliko kuongeza wavu wa pili dirishani. Dawa ya kupaka hufaa saa za jioni, kabla hujaingia kitandani.

Lipo pia kosa ambalo vumbi la hapa hutushawishi kulifanya, nalo ni kufua mno. Chandarua cha dawa ya muda mrefu hupimwa kwa kufuliwa mara 20; ukikifua kila wiki mbili, idadi hiyo inakwisha ndani ya miezi kumi, wakati kimekusudiwa kudumu takriban miaka mitatu. Kikung'ute vumbi nje, ukifue mara moja kwa miezi mitatu kwa sabuni ya mche na maji ya baridi, bila dawa ya kung'arishia nguo, kisha ukianike kivulini, kwa kuwa jua huivunjavunja dawa iliyomo.