Asilimia bila asili

Mweka hazina anasoma kwamba "faida imeshuka kwa asilimia 150", na huo ndio mwaka kikundi kimejinasua kutoka kwenye hasara. Wanachama wanaguna, naye anailaumu kompyuta. Kompyuta imegawanya sawasawa. Kilichokosewa ni kuiambia igawanye.

Badiliko la asilimia ni thamani mpya kutoa ya zamani, kugawanya kwa ya zamani, mara 100. Hilo halina ubishi. Kinachosahaulika kimo ndani ya neno lenyewe: asili na mia. Tunaifanya asili kuwa mia, kisha tunauliza badiliko ni mafungu mangapi ya mia hiyo. Asili ikiwa sifuri, hakuna fungu la kuhesabia. Ikiwa hasi, mafungu yapo lakini yote yanatazama nyuma, hivyo kila hatua ya mbele inaandikwa kama ya nyuma.

Tuseme ni mashine ya kukoboa mpunga pale Ahero. Mwaka jana hasara ilikuwa shilingi 40,000, mwaka huu faida ni 20,000. Tofauti ni 60,000. Igawanye kwa −40,000, unapata −150%. Sasa geuza: hasara iongezeke kutoka 40,000 hadi 60,000. Tofauti ni −20,000, na jibu ni +50%. Hili ndilo la hatari zaidi, maana hakuna anayeuliza maswali akiona ongezeko.

Wajuzi wa Excel hukimbilia `ABS`, inayovua ishara ya kutoa kwenye kigawanyo. Mwelekeo unanyooka, jibu linakuwa +150%, ila ukubwa wake bado hauna maana. Mashine jirani iliyotoka hasara ya 1,000 hadi faida hiyo hiyo ya 20,000 itapata 2,100%, ingawa imepanda kwa shilingi 21,000 tu dhidi ya 60,000 za mwenzake.

Kwa sifuri, Excel angalau ni mkweli: inaandika `#DIV/0!`. (Seli tupu nayo huhesabiwa kama sifuri, basi hakikisha kwanza kama kuna mtu aliyesahau kujaza.) Kosa linaanza mtu anapolifunika kwa `IFERROR` irudishe 0, kwa sababu 0% inasema hakuna kilichobadilika. Wengine huandika 100%, na hiyo maana yake ni kwamba kitu kimeongezeka maradufu. Sifuri maradufu ni sifuri.

Thamani mpya ikiwa hasi si tatizo: kutoka faida ya 20,000 hadi hasara ya 10,000 ni −150% halali. Kinachochungwa ni asili peke yake. Thamani ya zamani ikiwa A2 na mpya B2, andika:

```
=IF(A2>0,(B2-A2)/A2,"-")
```

Pembeni weka safu ya `=B2-A2`, umbo la shilingi. Na mweka hazina, akifika kwenye kistari hicho, asome tu: "Tumetoka hasara ya 40,000 hadi faida ya 20,000, nafuu ya shilingi 60,000."