Ripoti ya umri wa madeni na milioni 3.3 zilizoelea

Mwisho wa Agosti nilipigiwa simu na mama mmoja wa Fuoni ambaye namtengenezea hesabu. Ana biashara ya kufulia mahoteli: gari yake huenda Paje na Jambiani kuchukua mashuka na mataulo, na kila mwisho wa mwezi hupeleka ankara moja kwa kila hoteli, ya kulipwa ndani ya siku 30. Alikuwa ameishika ripoti ya umri wa madeni. “Mwanangu, hawa wana milioni mbili na zaidi zimepita siku tisiini. Kesho siwapelekei hata taulo.”

Nikamwomba anipe hadi jioni.

Hoteli yenyewe ilikuwa na ankara tano. Ya Aprili ilikuwa 1,200,000 na ya Mei 900,000, ndogo kwa sababu masika wageni huwa wachache. Juni ikapanda hadi 2,400,000, Julai 3,100,000 na Agosti 3,500,000. Tarehe 12 Agosti hoteli ikaingiza benki 3,300,000 kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo deni lililobaki ni 7,800,000, na ripoti ilisema hivyo hivyo. Jumla haikuwa na kosa, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Kosa lilikuwa kwenye safu. Ripoti hii huchukua kila ankara, huhesabu siku tangu ilipotolewa, kisha huitia kwenye safu yake: siku 0 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. (Wengine huanza kuhesabu tangu siku ya mwisho ya kulipa. Zote mbili zinafaa, ila usichanganye, maana ankara ile ile itahama safu.) Safu ya mwanzo ilionesha 200,000 tu. Itakuwaje, na ankara ya Agosti peke yake ni 3,500,000 na imetoka siku hiyo hiyo?

Kijana anayeingiza malipo alichagua jina la hoteli, akaandika kiasi, akahifadhi. Hakuchagua ni ankara zipi zimelipwa. Programu haikuwa na la kufanya ila kuyapa malipo umri wake yenyewe, siku 19, na kuyatoa kwenye safu ya mwanzo. Mimi huyaita malipo yanayoelea. Huku ankara za Aprili na Mei zikabaki nzima kwenye safu ya mwisho, jumla 2,100,000, kama kwamba hakuna aliyelipa kitu. Ukiona safu ya mwanzo ni ndogo kuliko ankara ya mwezi uliokwisha, au ina namba hasi, usimpigie mteja kwanza. Fungua orodha ya malipo.

Dawa ya haraka ni kubonyeza programu iyafunge malipo kwenye ankara kongwe kwanza. Nilijaribu pembeni: Aprili na Mei zikafutika, Juni ikabaki 1,200,000, safu ya siku 90 ikawa tupu. Ripoti safi kabisa, na bado ya uongo. Kwani 900,000 ya Mei na 2,400,000 ya Juni ni 3,300,000 kamili, bila senti kuzidi. Mtu halipi hesabu kama hiyo kwa bahati. Hoteli ililipa Mei na Juni, ikairuka Aprili kwa makusudi.

Nikampigia mhasibu wao. “Ndugu yangu, Aprili tuliwaambia,” akasema. “Mmetuandikia mashuka 48 ambayo hayamo kwenye daftari letu.” Alikuwa amemwambia dereva, na dereva hakumwambia mtu. Tukatoa karatasi za makabidhiano. Moja haikuwa na saini ya upande wa hoteli. Shuka moja ni 2,500, kwa hiyo ugomvi wote ulikuwa wa 120,000, nao ulizuia 1,200,000. Kama ningeziachia ankara kongwe zijilipe zenyewe, tungekuwa tunadai Juni, wao wanasema Juni tumelipa, na mashuka 48 yasingetajwa.

Mama alikubali kuziondoa zile 120,000. Tukaandika hati ya kupunguza deni, tukaifunga kwenye ankara ya Aprili yenyewe isije nayo ikaelea, na wiki iliyofuata 1,080,000 zikaingia.

Siku hizi kijana haruhusiwi kuhifadhi malipo mpaka ajue ankara zake. Kama hoteli haikusema, anauliza kwa ujumbe wa simu. Na ankara yenye mzozo siihamishi safu, hata mwenye biashara akichukia kuiona pale. Naiacha ikomae kwenye umri wake, pembeni naandika sababu na jina la aliyeahidi kuimaliza.