Chenjiova ya mkono au ya otomatiki? Kinachomlinda fundi aliye juu ya nguzo

Mvua za masika zikianza, matawi huangukia nyaya, mtaa mzima huingia gizani na jenereta huanza kunguruma nyumba hadi nyumba. Ndicho kipindi ambacho ofisi zetu za wilaya hupokea malalamiko mengi ya aina moja: jirani kawasha jenereta, na taa za nyumba ya pili zikaanza kuwaka kwa mwanga hafifu. Wengine hutusimulia kama kichekesho. Kwetu hiyo ni taarifa ya dharura, kwa sababu maana yake ni kwamba umeme wa jenereta umetoka nje kupitia mita na sasa unatembea kwenye laini ambayo mafundi wetu wako njiani kuishika.

Umeme ukishatoka hivyo haukomei kwa jirani. Hufuata waya hadi kwenye transfoma, na transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 230 ili utumie nyumbani, ukiipa volti 230 kutoka upande wako huzipandisha kurudi 11,000 kwenye laini ya juu. Penye laini ya volti 33,000, zitapanda hadi 33,000. Fundi aliyepigiwa simu kwamba laini hiyo imezimwa anaweza kuwa kilomita kadhaa kutoka kwako, wala hasikii jenereta yako.

Jibu tunalopewa mara nyingi ni kwamba "jenereta yangu ni ndogo, haiwezi kubeba mtaa." Ni kweli haiwezi kubeba mtaa, lakini mtu hahitaji umeme wa kubeba mtaa ili afe. Tuseme majokofu na pasi za majirani zimeilemea hadi volti zake zikashuka kutoka 230 kufikia 60. Transfoma inapandisha kwa takriban mara 48, kwa hiyo huko juu bado kuna karibu volti 2,900. Na hapo tumechukulia kwamba umeungana na majirani wote. Waya ukiwa umekatika nguzo ya pili kutoka kwako, mzigo wa mtaa haukufikii kabisa, jenereta inakwenda bila shida na volti zote 230 ziko kwenye kipande cha waya kilicholala chini. Kipande hicho ndicho fundi anakuja kukiunga, na ndicho mtoto anaweza kukikanyaga kabla fundi hajafika.

Mafundi wetu wana utaratibu. Wanafungua fyuzi za transfoma, wanapima kama laini ina umeme, kisha wanaiunga na ardhi kabla ya kuishika. Utaratibu huo huokoa, ila haumpi mtu ruhusa ya kuujaribu. Laini inaweza kupimwa saa kumi jioni ikaonekana haina kitu, kisha mtu akarudi nyumbani kutoka kazini saa kumi na nusu na kuwasha jenereta.

Nirudi nyumbani kwako. Njia mbaya kuliko zote ni waya wenye plagi za kiume pande zote mbili, unaochomekwa upande mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani. Plagi ikichomoka ukutani, meno yake yana volti 230 na yako wazi mkononi mwako. Wanaoutumia hutuambia kwamba huzima meinswichi kwanza. Usalama huo unategemea kumbukumbu tu: ya baba, ya dada wa kazi, ya mlinzi, usiku, katika giza, kila mara bila kukosea hata mara moja. Isitoshe, meinswichi nyingi za breka moja hukata fezi peke yake na kuiacha nyutro ikiwa imeungana na laini.

Wapo pia wanaoamini kwamba mita ya LUKU inazuia umeme kurudi. Haizuii. Swichi iliyo ndani ya mita hufunguka yuniti zikiisha, lakini umeme wa laini ukikatika hubaki imefungwa na hupitisha umeme kwenda upande wowote. Baadhi ya mita hata huuhesabu umeme huo unaotoka kama matumizi yako, nawe unakuja kutulalamikia kwamba yuniti zinaisha wakati umeme haupo.

Mita hiyohiyo inaweza kukupa dalili bila gharama. Mtaa ukiwa gizani na jenereta yako ikiwa inawaka, itazame mita iliyo kwenye waya unaoingia nyumbani. Inatakiwa iwe imezimika. Ikiwa kioo chake kina mwanga na kile kitaa chekundu kinapepesa, umeme wako unapita ndani yake kwenda nje. Zima jenereta papo hapo. Ila usikichanganye na kile kibodi cha kuingizia tokeni kinachochomekwa kwenye soketi ya ndani, maana hicho kitawaka kwa umeme wa jenereta hata kama kila kitu kimefungwa sawasawa. Vilevile, mita kuzimika si uthibitisho kamili, kwa sababu haisemi lolote kuhusu nyutro.

Kinachozuia yote haya ni chenjiova, yaani swichi inayoihamisha nyumba kutoka umeme wa laini kwenda wa jenereta na kuirudisha. Ile ya mkono ina mkono mmoja na nafasi tatu: I ni umeme wa laini, 0 ni katikati ambako hakuna kilichounganishwa, na II ni jenereta. Ndani yake vyuma vya mgusano vimefungwa kwenye mhimili mmoja, hivyo upande wa jenereta hauwezi kushika kabla upande wa laini haujaachia. Hata mwenye nyumba asiyejua umeme kabisa, hata mtoto, hawezi kuunganisha pande zote mbili kwa pamoja. Hukaa kati ya meinswichi na bodi ya breka, ili nyumba nzima iwe na mlango mmoja tu wa kuingilia umeme.

Mambo mawili huharibiwa sana na mafundi wasio na leseni. La kwanza ni nyutro. Kwa umeme wa fezi moja chenjiova lazima ikate nguzo mbili, yaani fezi na nyutro. Kwa fezi tatu, nguzo nne. Nyutro ikiachwa imeungana moja kwa moja, hitilafu upande wa jenereta yako inaweza kuipa volti nyutro ya laini, na fundi aliye nje haitarajii.

La pili ni ukubwa. Chukua bucha lenye majokofu mawili na mashine ya kukatia mifupa, lenye meinswichi ya ampea 63 na jenereta ya petroli ya kVA 5. Jenereta hiyo hutoa takriban ampea 22, basi fundi ananunua chenjiova ya ampea 32 na kuona ameacha nafasi ya kutosha. Amesahau kwamba siku nyingi za mwaka chenjiova hiyo inapitisha umeme wa laini, ambao meinswichi inauruhusu kufika ampea 63. Migusano inapata joto, plastiki inabadilika rangi kuwa ya kahawia kwenye skrubu, na siku moja upande wa laini unagandana. Swichi sahihi hapo ni ya ampea 63 yenye nguzo mbili, waya wa milimita za mraba 16 upande wa laini, na upande wa jenereta waya usiopungua milimita za mraba 4 wenye breka yake ya ampea 20. Mwenye bucha asifungue mwenyewe kukagua rangi ya plastiki. Akisikia harufu ya kuungua au boksi likiwa la moto kwa nje, aite fundi.

Sasa watu wanatuuliza kama ya otomatiki ni salama zaidi. Kwa hatari ninayoieleza hapa, hapana. Otomatiki inaongeza wepesi. Kidhibiti chake kinapima umeme wa laini. Ukipotea kwa sekunde chache kinaamuru jenereta iwake, kinasubiri volti na kasi zitulie, kisha kinahamisha mzigo. Umeme ukirudi hakirukii. Kinasubiri dakika kadhaa kuona kama umetulia, kinarudisha mzigo kwenye laini, kisha kinaiacha jenereta izunguke bila mzigo ipoe kabla ya kuzima. Kwa hiyo inahitaji jenereta yenye stata na betri. Yenye kamba ya kuvuta haifai, hata ukinunua boksi la gharama kiasi gani.

Zahanati yenye jokofu la chanjo au mwenye mashine ya kuangulia vifaranga ana sababu ya kweli ya kuitaka, kwa kuwa umeme unaweza kukatika saa nane usiku bila mtu wa kugeuza mkono. Nyumba ya kawaida yenye jenereta ya kVA 3 inatoshwa na ya mkono, na mimi ningeichagua.

Linalotutia wasiwasi ni maboksi yanayoundwa mitaani kwa kontakta mbili, yaani swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme, zinazozuiana kwa waya za amri peke yake. Kontakta moja ikigandana kwa joto, amri ya kufunguka inafika lakini chuma hakiachii, na ya pili inafunga. Jenereta imeshaungana na laini. Umeme wa laini ukirudi wakati huo, mizunguko ya pande mbili hailingani, na koili za jenereta huungua papo hapo. Dai kizuizi cha chuma kati ya kontakta mbili, kile ambacho ukisukuma moja kwa mkono umeme ukiwa umezimwa, nyingine haisogei. Fundi akuoneshe kabla ya kufunga mfuniko. Na kwa kuwa mashine hii hujiwasha yenyewe, isikae chumba kilichofungwa ambako moshi wake utaingia kwa waliolala, na kabla ya matengenezo yoyote kidhibiti kiwekwe kwenye nafasi ya kuzima na waya hasi wa betri ufunguliwe.

Kuhusu ukaguzi, kazi hii hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, na daraja la leseni yake liendane na ukubwa wa mfumo wako. Omba kuiona, angalia kama haijaisha muda, baki na nakala. Akimaliza atakuandikia fomu ya vipimo, nawe utaileta ofisini pamoja na mchoro. Mkaguzi akikuta jenereta iliyounganishwa bila chenjiova, anakata umeme siku hiyohiyo. Hasubiri onyo la pili, na kumwambia kwamba umeishi hivyo miaka bila tatizo hakumsaidii yeyote. Unarekebisha, unaleta fomu mpya, unakaguliwa tena, unalipa gharama za kurudishiwa huduma. Kuingilia miundombinu ya umeme kunaweza pia kukufikisha mahakamani chini ya Sheria ya Umeme, Sura ya 131, na huko suala haliko tena mikononi mwa ofisi yetu.

Siku ya ukaguzi hakikisha jenereta ina mafuta na inawaka. Mkaguzi atazima meinswichi, ataiweka chenjiova kwenye II jenereta ikiwa inafanya kazi, kisha atapima kwenye vifungio vya upande wa laini: fezi na nyutro, fezi na ardhi, nyutro na ardhi. Vyote vinatakiwa visome sifuri. Baadaye, jenereta ikiwa imezimwa, atahakikisha nyutro ya nyumba haijaungana na ya laini. Jenereta isipowaka hapimi, na utapangiwa tarehe nyingine.