Mafuta ya CBD kwa mtoto mwenye kifafa: soma chupa kabla ya kumpa

Katika kliniki za kifafa tunaletewa chupa ndogo za mafuta ya CBD, mara nyingi zikiwa zimetumwa na ndugu aliye Ulaya au Marekani. Mzazi amesikia kwamba CBD, yaani kanabidioli, kemikali inayotokana na mmea wa bangi lakini isiyolewesha kama THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, hutuliza kifafa. Alichosikia kina ukweli ndani yake. Lakini ukweli huo ulipatikana kwa dawa fulani na kwa kiasi fulani, na chupa aliyoishika huenda haina uhusiano na vyote viwili.

Dawa yenyewe inaitwa Epidiolex. Marekani iliidhinisha mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut, na mwaka 2020 ikaongeza kifafa kinachotokana na ugonjwa wa tuberous sclerosis. Katika utafiti wa Dravet uliochapishwa mwaka 2017, watoto waliopewa dawa hiyo pamoja na dawa zao za kawaida walishuka kutoka wastani wa degedege 12 kwa mwezi hadi 6 hivi. Waliopewa kimiminika kisicho na dawa ndani yake, kwa ajili ya kulinganisha, walibaki karibu palepale. Ni nafuu kubwa kwa familia iliyochoka. Hata hivyo, waliopona degedege kabisa katika kipindi cha matibabu walikuwa asilimia 5 tu, na matokeo haya hayatuambii lolote kuhusu kifafa kilichotokana na homa ya uti wa mgongo au kuumia kichwa.

Sasa tupige hesabu. Mtoto ana kilo 20. Dozi ya kawaida ya kuendelea nayo ni miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo anahitaji miligramu 200, zikigawanywa mara mbili. Chupa ya dukani yenye mililita 30 imeandikwa 300 mg, maana yake kila mililita ina miligramu 10. Kufikia dozi hiyo angekunywa mililita 20 kwa siku, na chupa ingeisha kwa siku moja na nusu. Mzazi anayempa mililita moja kwa siku anampa sehemu moja ya ishirini ya dozi. Akiona mtoto ametulia wiki hiyo, akumbuke kwamba kifafa hupanda na kushuka chenyewe.

Hesabu hiyo pia inaamini lebo, na lebo haiaminiki sana. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, na katika 18 walikuta THC. Jambo hili linagusa sheria moja kwa moja. Hapa Tanzania bangi ni dawa ya kulevya chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na maandishi ya "haina THC" hayatamkinga mtu iwapo maabara itaikuta. Uhalali wa chupa kule ilikonunuliwa hausafiri nayo. Anayepitia Dubai aogope zaidi, kwani sheria za huko ni kali mno.

Wengine husema, basi tuongeze mafuta mpaka dozi ifike. Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi mkubwa zaidi. Ini ndilo linalovunja CBD, kwa kutumia vimeng'enya vilevile vinavyovunja dawa nyingine. Mtoto anayetumia dawa ya kifafa iitwayo klobazamu anaweza kupata kiasi cha mara tatu cha kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na dawa hiyo. Utamwona analala kupita kiasi, anayumba akitembea, anatoka mate. Kwa anayetumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, hatari ni ini kudhurika, ndiyo maana wanaotumia Epidiolex hupimwa ini kabla ya kuanza, kisha mwezi wa 1, wa 3 na wa 6. Kutapika, kukosa hamu ya kula, macho ya manjano au mkojo mweusi ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Bibi wa nyumbani anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye asionjeshwe mafuta hayo kwa ajili ya magoti, maana damu yake inaweza kuwa nyepesi hadi akavuja.

Kosa baya kuliko yote ni kuacha dawa za kifafa ghafla ili kuyapisha mafuta. Degedege linaweza kurudi likakataa kukatika, na hilo huua.

Kama tayari unampa mtoto, mwambie daktari au mfamasia bila kuficha. Mwonyeshe picha ya lebo, dawa zake zote, na daftari la tarehe za degedege kabla na baada ya kuanza mafuta. Kwa hayo ataamua kipimo cha ini kinachohitajika leo, na kama dozi ya dawa aliyonayo imewahi kufikishwa inapostahili kwa uzito wake wa sasa.