Namba ya siri ya tarakimu 4 haiokolewi na chumvi: kazi ya pilipili nje ya hifadhidata

Mifumo mingi ninayoikagua ni ya SACCOS. Mwanachama anafungua menyu kwenye simu, anaweka namba ya siri ya tarakimu 4, anaangalia salio au anaomba mkopo. Huwa nauliza mapema: namba hiyo mmeihifadhi vipi? Mafundi wengi wananijibu kwamba wamehashi kwa bcrypt, yaani wameigeuza kuwa mfuatano usiorudishika nyuma kwa hesabu iliyofanywa nzito makusudi, na kila mwanachama ana chumvi yake. Wamefanya walichofundishwa, na kwa nywila ndefu ingekuwa kinga ya maana. Kwa tarakimu 4 haitoshi, na hesabu yake ni fupi.

Chumvi ni baiti za nasibu zinazochanganywa na nywila kabla ya kuhashi, kila mtu zake. Robert Morris na Ken Thompson waliieleza mwaka 1979 walipoandika kuhusu nywila za Unix. Inafanya kazi moja na inaifanya vizuri: wanachama wawili waliochagua 1234 wanapata hashi mbili zisizofanana, kwa hiyo mwizi hawezi kuandaa jedwali moja la majibu na kulitumia kwa watu wote. Inabidi aanze upya kwa kila mtu. Lakini chumvi yenyewe si siri. Katika bcrypt imeandikwa ndani ya hashi ileile, wazi kabisa, kwa sababu mfumo unaihitaji kila mwanachama anapoingia. Aliyeiba jedwali ameiba na chumvi.

Sasa tuhesabu. Tarakimu 4 zinatoa namba 10,000 tu. Tuseme bcrypt ya gharama 12 inachukua robo sekunde kwa jaribio moja; kila gharama ikipanda kwa moja, kazi inakuwa maradufu. Namba zote 10,000 zitamalizwa kwa sekunde 2,500, yaani kama dakika 42 kwenye kori moja ya prosesa. Kompyuta ya kori 8 inamaliza mwanachama mmoja kwa dakika zisizozidi sita. Na mwizi mwenye akili hataanza na mtu mmoja. Atachukua namba 100 zinazopendwa zaidi, yaani 1234, 0000, 1111 na miaka ya kuzaliwa, azijaribu kwa wanachama wote. Wakiwa 20,000, kompyuta hiyohiyo inamaliza mzunguko huo kwa saa 17 na ushee. Ukipandisha gharama hadi 14 unamchelewesha mara nne, lakini seva yako nayo inatumia sekunde nzima kwa kila anayeingia, na siku ya mishahara foleni itakushinda. Hakuna gharama ya bcrypt ambayo seva yako inaivumilia halafu mwizi ashindwe nayo. Tatizo ni uchache wa namba zenyewe.

Hapo ndipo pilipili inapoingia. Ni ufunguo mmoja wa siri wa mfumo mzima unaoshiriki katika kutengeneza kile kinachohifadhiwa, na haukai kwenye hifadhidata. Mwizi aliyepata jedwali peke yake anakosa kitu kimoja ambacho bila hicho jaribio halifanyiki. Anaweza kukisia 1234, lakini hana njia ya kujua kama amepatia. Chumvi inamzuia asifanye kazi moja kwa ajili ya watu wengi. Pilipili inamzuia asianze.

Kuna namna mbili za kuiweka. Ya kwanza ni kupitisha namba ya siri kwenye HMAC, hashi ambayo pilipili ndiyo ufunguo wake, kisha tokeo likaingia bcrypt. Inafanya kazi, ila ina mitego. bcrypt inatumia baiti 72 za mwanzo tu. Nimeshaona msimbo unaobandika pilipili ya herufi 64 mbele ya nywila bila HMAC yoyote. Hapo nywila inabakiwa na nafasi 8, na chochote kinachozidi hapo hakihesabiwi: mwenye nywila ndefu anaingia hata akikosea mwishoni. Ukitumia HMAC, tokeo lake la baiti ghafi linaweza kuwa na baiti sifuri, na baadhi ya maktaba hukatia hapo, kwa hiyo ligeuze kwanza kuwa base64. Kubwa zaidi, ukitaka kubadilisha ufunguo huwezi, mpaka kila mwanachama aingize namba yake tena.

Mimi napendekeza ya pili, ambayo Dropbox waliieleza hadharani mwaka 2016: hashi kwanza kwa bcrypt, kisha fumba hashi hiyo kwa AES, pilipili ikiwa ndiyo ufunguo wa kufumbia na kufumbulia. Msimbo wake ni huu:

```python
import os, bcrypt
from cryptography.hazmat.primitives.ciphers.aead import AESGCM

def hifadhi(pin, mid, funguo, toleo):
    h = bcrypt.hashpw(pin.encode(), bcrypt.gensalt(12))
    n = os.urandom(12)
    c = AESGCM(funguo[toleo]).encrypt(n, h, str(mid).encode())
    return toleo, n + c

def hakiki(pin, mid, funguo, toleo, data):
    h = AESGCM(funguo[toleo]).decrypt(
        data[:12], data[12:], str(mid).encode())
    return bcrypt.checkpw(pin.encode(), h)
```

Hashi ya bcrypt ina baiti 60. Ongeza 12 za nasibu mwanzoni na 16 za muhuri wa GCM, unaoonyesha kama data au ufunguo si sahihi, unapata 88, kwa hiyo safu iliyokuwa `CHAR(60)` lazima ipanuliwe na iwe ya baiti. Angalia pia `mid`, namba ya mwanachama, jinsi ilivyofungwa pamoja na data. Bila hiyo, mtu mwenye uwezo wa kuandika kwenye jedwali angenakili data ya akaunti yake akaibandika kwenye mstari wa mweka hazina, kisha akaingia kwa namba yake mwenyewe. Ikiwa imefungwa, kufumbua kunakataa.

Ufunguo wenyewe utengeneze kwa `openssl rand -base64 32`. Unatoa baiti 32 za nasibu zilizoandikwa kwa base64, kwa hiyo zirudishe kuwa baiti ghafi kwa `base64.b64decode` kabla ya kuziweka kwenye `funguo`, na hapa sina mjadala. NIST ya Marekani inataka siri ya namna hii isipungue biti 112. Jina la chama na mwaka kilipoanzishwa si ufunguo, hata ukilipitisha kwenye SHA-256. Katika mpangilio huu muhuri wa GCM unamwambia mwizi papo hapo kama ufunguo aliokisia ni sahihi, bila hata kugusa bcrypt, kwa hiyo anaweza kujaribu mamilioni kwa sekunde. Na kwenye ile namna ya HMAC, anachohitaji ni akaunti moja anayoijua namba yake, na akaunti hiyo anaifungua kihalali kwa kujiandikisha uanachama. Pilipili dhaifu inavunjwa mara moja, kisha wanachama wote wanabaki na ile kinga ya dakika sita.

Sehemu inayoharibiwa mara nyingi kuliko zote ni neno "nje". Kuweka pilipili kwenye jedwali la mipangilio si nje, ni palepale. Kuiweka kwenye faili katika mashine inayoendesha hifadhidata ni nje kwa jina tu: kwenye MySQL, mtumiaji mwenye ruhusa ya `FILE` anaweza kusoma faili kwa `LOAD_FILE()`, hivyo shimo la SQL linalotoa jedwali linaweza kutoa na faili. Faili ya `.env` kwenye seva ya programu ni afadhali, mradi haimo ndani ya git na haifuatani na hifadhidata kwenye bakapu. Hili la bakapu nalipima hivi, kwa kuchukua nakala ya jana usiku:

```
tar -tzf nakala.tar.gz | grep -E '\.sql|\.env'
```

Yakitokea majina ya aina zote mbili, mlinzi na mwizi wako kwenye gunia moja. Yeyote anayeipata diski hiyo ana jedwali na ufunguo, na pilipili haijaongeza chochote.

Panapokuwa na uwezo, ufunguo ukae kwenye HSM, kifaa maalumu cha kutunza funguo, au kwenye huduma ya funguo, na usitoke humo kabisa: programu inapeleka data, inarudishiwa hashi. Kila kuingia kutaongeza safari moja ya mtandao, na huduma ikizimika hakuna anayeingia. Unachopata ni kwamba hata aliyeiteka seva ya programu lazima apitishe data ya kila mwanachama kwenye huduma hiyo, na huduma inahesabu. Kama kwa kawaida watu 900 huingia kwa saa na usiku wa manane maombi ya kufumbua yanafika 15,000, unajua kuna mtu anavuna, na unaweza kumkatia kabla hajamaliza jedwali.

Ufunguo ukiwa kwenye kumbukumbu ya seva ya programu, kama ilivyo kwa vyama vingi vidogo, aliyeiteka seva hiyo anauchukua, na hapo pilipili imeisha nguvu. Tena anaweza kunasa namba za siri zikiingia, jambo ambalo hakuna uhifadhi wowote unaolizuia. Vilevile pilipili haimgusi anayekisia kupitia menyu ya simu. Huyo anazuiwa na kufunga akaunti baada ya majaribio matatu, pamoja na kuangalia anayejaribu 1234 kwa watu wengi, mara moja kwa kila mmoja.

Kuhamia kwenye mpangilio huu hakuwasumbui wanachama. Hashi za zamani zinafumbwa zilivyo, usiku mmoja, na kesho yake hakuna aliyejua. Kubadilisha ufunguo ni vivyo hivyo: fumbua kwa toleo 1, fumba kwa toleo 2, badilisha safu ya `toleo`. Ila kama jedwali na ufunguo wa zamani vilishaibwa pamoja, kubadilisha ufunguo hakurudishi kitu. Namba za siri zenyewe zibadilishwe. Na ukipoteza ufunguo, wanachama wote wamefungiwa nje, hakuna wa kukusaidia. Chapisha nakala, ifunge kwenye bahasha, iweke kwenye sefu ambayo fundi wa hifadhidata hana ufunguo wake, kisha siku moja iwashe seva ya majaribio kwa nakala hiyo ya karatasi uone kama inafungua.

Kwenye seva hiyohiyo ya majaribio, weka pia ufunguo usio sahihi na ujaribu kuingia. Kila akaunti lazima ikatae kwa kosa la `InvalidTag`. Akaunti ikifunguka, kuna njia ya pembeni kwenye msimbo, na mara nyingi ni ile iliyoachwa wakati wa kuhama: "kufumbua kukishindikana, jaribu bcrypt tupu." Mwenye uwezo wa kuandika kwenye jedwali anabandika hashi aliyoitengeneza nyumbani, anaingia. Hakikisha `SELECT COUNT(*) FROM wanachama WHERE toleo IS NULL` inarudisha 0, kisha futa mistari hiyo ya msimbo. Halafu zitafute bakapu za kabla ya kuhama, kwenye diski za ofisini na kwenye kompyuta za mafundi, kwa sababu hashi zilizomo humo hazina pilipili, na mwanachama ambaye hajabadilisha namba yake tangu wakati huo bado analindwa na dakika sita.